Foleti, jua kali na asili ya ngozi nyeusi

Swali: Nilijua ngozi nyeusi ni kinga ya saratani. Sasa mwanangu wa sekondari anasema sababu kubwa huenda ni kulinda foleti, vitamini ya kundi B. Jua la nje linaifikiaje vitamini iliyo ndani ya damu, na hilo linahusianaje na rangi? – Mzazi, Kasarani

Jibu: Damu hupita karibu na jua kuliko tunavyodhani. Tabaka la juu la ngozi halina mishipa, lakini sehemu nyingi za mwili unene wake haufiki hata milimita moja, na chini yake tu pana mishipa myembamba ya damu. Miale ya jua isiyoonekana kwa macho, yaani urujuanimno, ya aina B huishia zaidi kwenye tabaka hilo la juu. Ile ya A hupenya hadi kwenye mishipa. Huko huamsha kemikali kama riboflavini, nazo huzalisha oksijeni kali inayovunja foleti.

Mwaka 1978 watafiti Branda na Eaton waliweka plazma ya binadamu, yaani ule umajimaji wa manjano unaobaki chembe za damu zikiondolewa, chini ya taa inayoiga jua. Kwa saa moja tu, asilimia 30 hadi 50 ya foleti ilikuwa imepotea. Melanini, ile rangi inayoifanya ngozi iwe nyeusi, ikiwa nyingi hunyonya miale hiyo kabla haijafika kwenye damu, na pia huzima oksijeni kali.

Rangi inaingia hapa. Foleti inahitajika kutengeneza DNA kila seli inapogawanyika. Mrija wa neva wa mimba, unaokuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga kufikia siku ya 28 hivi, mama wengi wakiwa hawajajua kwamba ni wajawazito. Foleti ikipungua wakati huo, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi, au bila sehemu kubwa ya ubongo na asiishi. Kwa maoni yangu, hoja hii ina nguvu kuliko ya saratani: saratani ya ngozi kwa kawaida huja mtu akiwa ameshazaa na kurithisha jeni zake, ila mtoto anayekufa akizaliwa harithishi chochote. Watafiti Jablonski na Chaplin waliijenga hoja hiyo mwaka 2000.

Hata hivyo, bado ni nadharia. Katika chupa, plazma yote ilikaa kwenye mwanga saa nzima. Mwilini, damu hupita kwenye ngozi na kuondoka, na foleti nyingi imehifadhiwa ndani ya chembe nyekundu na ini. Vipimo kwa watu walioangaziwa miale vimetoa majibu yanayopishana.

Kwa hiyo mama mweusi wa Nairobi asidhani melanini inamtosha. Haizalishi foleti, inailinda tu. Sukuma wiki ina foleti, lakini ikichemshwa sana na maji yake kumwagwa, foleti nyingi huenda na maji hayo. Anayepanga kubeba mimba aanze mikrogramu 400 za asidi ya foliki, yaani foleti ya vidonge, kila siku angalau mwezi mmoja kabla.