Lisomwe, au lisiandikwe

Swali la wiki: "Je, unaandika mawazo yako daftarini, na ni mangapi kati ya hayo yamewahi kukufaa?"

Kabla ya kuhesabu mangapi, tuulizane daftari lenyewe lilifunguliwa lini mara ya mwisho kwa ajili ya kusomwa. Watu hujaza moja, wakanunua jingine, basi. Na wale wanaojisifu kuandika kila kinachopita kichwani, kwa maoni yangu, ndio wanaojaza takataka.

Tuchukue mfano wa mshonaji. Tarehe 3 ameandika: "Nianze kufundisha kushona Jumamosi." Tarehe 19: "Leo tena mtu kaleta suruali, zipu haishiki. Kasoro ilikuwa kichwa cha zipu tu, meno mazima." Mwisho wa mwezi anatenga kama dakika arobaini, anasoma kurasa zote za mwezi huo tangu mwanzo, na asiandike jipya lolote mpaka amalize.

La kwanza, likisimama peke yake, halibebeki: kushona nini, nani aje, kwa miezi mingapi? La pili ni lalamiko tu. Lakini yakisomwa kwa mkupuo mmoja yanagongana: kikao kimoja cha saa mbili, watu wanne, kila mmoja na nguo yake, wajifunze kubadilisha kichwa cha zipu na kubana kilicholegea. Hilo sasa ni jambo la kuamuliwa. Analinakili kwa mkono kwenye kurasa za nyuma za daftari, na chini yake hatua ya kwanza isiyozidi nusu saa: kuwauliza watatu kati ya walioleta nguo kama wangekuja.

Kunakili kwa mkono kunachosha, na ndiyo maana kunafaa: wazo usilotaka hata kulinakili, liache lilipo. Lililonakiliwa likipitiwa miezi mitatu na hatua yake haijaguswa, lipigwe mstari wa kulifuta, au hatua ipunguzwe. Mara nyingi kosa ni hatua kubwa mno: "kutafuta ukumbi" badala ya "kuuliza watatu."

Angalia pia kwamba mfano huu usingefanya kazi kama tarehe 19 angeandika "zipu" tu. Mwisho wa mwezi neno hilo halimwambii kitu hata aliyeliandika. Tarehe, kilicholizua wazo, na kitenzi: sentensi mbili zinatosha.

Hapo inabidi nilegeze kauli yangu ya mwanzo, maana lile lalamiko la suruali ningelihesabu takataka siku lilipoandikwa. Basi andikeni hata vya ovyo, mradi mapitio yapo, na yaliyopigwa mstari yasichanwe. Ila anayeandika mambo mia kwa mwezi, kikao kimoja kitamshinda. Ataanza kuruka kurasa. Huyo apitie kila wiki, au aandike kidogo.