Kitini cha safu mbili: soma mpangilio kabla hujanakili hata neno moja

Kitini cha kwanza nilichopewa kukiandika upya kwa ajili ya mwanafunzi asiyeona, anayesikiliza maandishi kwa kisoma skrini, kilikuwa cha mofolojia ya Kiswahili: kurasa nane, safu mbili kila ukurasa, fotokopi ya fotokopi. Nilikiskani, nikakipitisha kwenye programu ya kutambua maandishi, nikasahihisha kila neno lililopigiwa mstari mwekundu, nikamtumia mwanafunzi jioni ileile. Asubuhi akanipigia simu. "Samahani dada, hapa inasema mofimu ni kipashio mzizi. Kipashio mzizi ndiyo nini? Maana darasani hatujakisikia."

Nilifungua karatasi. Juu ya ukurasa wa tatu ilikuwa hivi:

```
Mofimu ni kipashio      Mzizi ni sehemu ya
kidogo kabisa chenye    neno isiyobadilika
maana katika neno.      neno linapopewa
                        viambishi.
```

Programu ilikuwa imesoma moja kwa moja kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia, ikaruka nafasi ya katikati kana kwamba haipo: "Mofimu ni kipashio Mzizi ni sehemu ya kidogo kabisa chenye neno isiyobadilika maana katika neno." Kila neno lipo na kila neno limeandikwa sawasawa, kwa hiyo hakuna mstari mwekundu ambao ungenionyesha kosa. Na kisoma skrini hakisiti mahali palipovurugika kama ambavyo mtu angesita. Kinatiririka tu kwa sauti ileile, na anayesikiliza anabaki kudhani kwamba yeye ndiye hajaelewa somo.

Kwa hiyo wewe uliyekabidhiwa kazi hii wiki hii, usianze na kompyuta. Anza na kalamu ya risasi. Chapa kitini, kisha weka namba kwenye kila kipande cha maandishi kwa mfuatano ambao msomaji anayeona angeufuata: safu ya kushoto 1, ya kulia 2, kisanduku cha "Zingatia" 3, na kuendelea. Ukurasa wa kawaida unakula nusu dakika. Ukurasa utakaokusumbua ni ule wenye jedwali au mchoro uliotandazwa katikati, upana wa safu zote mbili.

Ukurasa huo unaweza kusomeka kwa njia mbili, na kwa macho zinafanana kabisa. Huenda maandishi yaliyo juu ya jedwali yanaishia hapo: unasoma juu kushoto, juu kulia, jedwali, halafu chini kushoto na chini kulia. Au huenda jedwali limepachikwa tu katikati ya mto: safu ya kushoto inapita chini ya jedwali hadi mwisho wa ukurasa, ndipo unarudi juu kulia. Usikisie. Angalia neno la mwisho lililo juu ya jedwali upande wa kushoto, kisha jaribu kuliunganisha na sehemu zote mbili, chini yake na juu kulia. Hapa lugha yetu inatusaidia sana, kwa sababu upatanisho wa ngeli hauvumilii kiungo kibovu. Kipande kikiishia na "viambishi hivi", kinachofuata hakiwezi kuanza na "linaweza kutokea". Kitaanza na "vinaweza". Pale upatanisho unapokubali pande zote mbili, na hilo hutokea, soma aya nzima kwa maana. Ukishindwa, muulize mhadhiri.

Baada ya namba, ndipo ukate picha. Programu nyingi zinajaribu kugundua safu zenyewe kwa kutafuta ukanda mweupe katikati ya ukurasa, na karatasi safi iliyonyooka zinaipatia vizuri. Lakini karatasi ikiwa imeinama kidogo, au kivuli cha kitabu kilichokunjwa kimeangukia katikati, ukanda ule unaziba na mistari inaunganishwa. Mimi sibahatishi tena. Nakata kila safu iwe picha yake, ili programu isipate nafasi ya kuvuka.

Skani kwa dpi 300. Kama kurasa mbili zimelazwa kwenye karatasi moja, zitenganishe kwanza, la sivyo una safu nne. Kisha ninanyoosha ukurasa na kuukata katikati kwa ImageMagick, halafu ninasoma kila nusu peke yake kwa Tesseract, programu ya kutambua maandishi:

```
magick uk03.png -deskew 40% +repage -crop 50%x100% +repage uk03_%d.png
tesseract uk03_0.png uk03_0 -l swa --psm 4
tesseract uk03_1.png uk03_1 -l swa --psm 4
```

Amri ya kwanza inakupa `uk03_0.png` ya kushoto na `uk03_1.png` ya kulia. Hiyo `--psm 4` inaiambia programu kwamba inatazama safu moja tu. Fungua picha zote mbili kabla ya kuendelea: kama nafasi ya safu haikuwa katikati hasa, utakuta herufi za mwisho za mistari zimekatwa na kuhamia picha nyingine, na itabidi ukate kwa mkono. Ukurasa wenye kichwa au jedwali la upana mzima ukate kwanza kwa mlalo, uwe mikanda, ndipo kila mkanda wenye safu mbili uukate kwa wima.

Jihadhari pia na faili la pdf linaloonekana tayari lina maandishi ya kunakilika. Mashine nyingi za kuskani huficha maandishi nyuma ya picha, na yale yaliyofichwa yanaweza kuwa yamechanganya safu vilevile. Nakili mistari mitatu ya juu uibandike mahali uisome. Utajua papo hapo.

Sasa vistari. Safu ni nyembamba, kwa hiyo maneno yanakatwa mwishoni mwa mstari: "wana-" huku, "funzi" kule. Kisoma skrini kitatamka vipande viwili, kwa hiyo lazima uviunganishe. Njia ya haraka katika Word ni kutafuta `-^p` na kubadilisha kwa kitupu, yaani kistari na mwisho wa mstari vyote viondoke. Nami nilibonyeza badilisha yote, nikafurahi. Simu ya pili ikaja: "Dada, somna ni kitenzi cha wapi?" Mhadhiri alikuwa ameandika kwamba mzizi ni "som-", na neno hilo likaangukia mwisho wa mstari, huku mstari uliofuata ukianza na "na". Katika kitini cha mofolojia kistari ni sehemu ya somo. Badilisha moja moja, kila mara ukijiuliza kama kistari kimewekwa na mwandishi au na ukingo wa safu. Ifanye kazi hii kabla hujaunganisha mistari kuwa aya, maana baadaye utabaki na "wana- funzi" zilizotawanyika, na hutajua tena mstari uliishia wapi.

Kistari kina tatizo la pili. Katika mipangilio ya kawaida, visoma skrini vingi havitamki kistari kilicho ndani ya neno, kwa hiyo "a-na-som-a" inaweza kusikika kama vipande visivyo na maelezo. Mwanafunzi anaweza kuongeza kiwango cha kutamka alama, kwenye kisoma skrini cha NVDA ni `NVDA+P`, lakini hapo alama nyingine nyingi nazo zitatamkwa. Nilichokubaliana na wanafunzi wangu ni kuacha mfano ulivyo, na mara ya kwanza unapotokea kuongeza sentensi moja: "Neno anasoma limegawanywa katika mofimu nne: a, na, som, a." Maneno ya kwangu nayaanzisha na "Maelezo ya mnakili" ili yasichukuliwe kuwa ya mhadhiri.

Kuunganisha mistari ni kazi ya dakika chache: badilisha `^p^p` iwe alama usiyoitumia popote, tuseme `##`, kisha `^p` iwe nafasi moja, kisha `##` irudi kuwa `^p`. Ondoa jina la kozi linalojirudia juu ya kila ukurasa, ila namba za kurasa usizitupe. Mhadhiri akisema "fungueni ukurasa wa tano", mwanafunzi wako naye aufikie. Weka "Ukurasa wa 5" kwenye mstari wake, na kama sentensi imevuka ukurasa, isubiri iishe kwanza. Vichwa vya habari vipe mtindo wa `Heading 1` na `Heading 2`. Wino mzito peke yake hauonekani kwa anayeruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa kubonyeza `H`. Tafuta pia "ngombe" na wenzake, kwa sababu kiapostrofi cha ng' hupotea kirahisi kwenye fotokopi.

Ukurasa wa saba ulikuwa na mchoro wa matawi wa sentensi "Mtoto mdogo anasoma kitabu". Nilipoanza niliandika "[mchoro]" nikapita, na mtihani ukatoka na swali la matawi. Mchoro wa namna hii ugeuze kuwa orodha, na ngazi zibebwe na namba zenyewe, kwa sababu kusogeza mstari ndani kwa nafasi tupu hakusikiki:

```
1 S
1.1 KN
1.1.1 N: Mtoto
1.1.2 V: mdogo
1.2 KT
1.2.1 T: anasoma
1.2.2 N: kitabu
```

Anayesikia 1.2.1 anajua yuko chini ya KT, tawi la kwanza.

Ukimaliza, usihakiki kwa macho. Macho yako yalishauona ukurasa wa asili na yatakusamehe. Washa kisoma skrini, zima skrini, sikiliza. Huna haja ya kusikiliza kila neno kwa uzito uleule. Makosa makubwa yanakaa kwenye viungo, pale safu moja inapoishia na nyingine kuanza. Kurasa nane za safu mbili zina viungo kumi na vitano, na zaidi kidogo ukihesabu majedwali. Sikiliza sentensi mbili kabla na mbili baada ya kila kiungo. Ile "chenye neno isiyobadilika" ingenikwaruza sikio mara moja kama ningeisikiliza, kwa sababu neno huwa "lisilobadilika", haliwezi kuwa "isiyobadilika".

Patabaki maneno ambayo wino umekufa kabisa. Ukurasa wa sita wa kitini kile ulikuwa na "mofimu" na baada yake doa jeusi lenye herufi nne hivi. Nilikuwa tayari nimeandika "huru", kwa kuwa mofimu huru ipo na ilikaa vizuri kwenye sentensi. Bahati nzuri nilimpigia mhadhiri kwanza. Ilikuwa "kapa". Tangu siku hiyo naandika [halisomeki], na jibu likipatikana ndipo namtumia mwanafunzi faili jipya lenye tarehe kwenye jina lake.