Ugavi ukipungua kilo 180, mbona mauzo hayapungui kilo 180?

"Wakuu, niko kidato cha sita, EGM. Swali: uhitaji wa dagaa wakavu ni Qd = 600 − 20P na ugavi ni Qs = −120 + 40P. Q ni kilo kwa siku, P ni maelfu ya shilingi kwa kilo. Ziwa limefungwa, ugavi umepungua kilo 180 katika kila bei. Tafuta bei na kiasi kipya. Mimi nilipata bei 12, kilo 360, nikatoa 180, zikabaki kilo 180. Mwalimu kanikosesha. Nimekosea wapi?"

Dogo, hatua ya kwanza uko sawa. Bei 12, kilo 360, hapo hakuna ubishi. Shida ni kwamba ulipotoa 180 umeiacha bei palepale 12, kana kwamba watu wa sokoni hawajagundua kuwa dagaa wamepungua.

Nafundisha tuisheni hapa Mwanga, Kigoma, na nyumbani kwetu tumekula na kusomeshwa kwa dagaa, kwa hiyo swali hili nalipenda. Mwaka 2024 nchi zinazozunguka Ziwa Tanganyika zilisimamisha uvuvi miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wazaliane. Kipindi kama hicho ukishuka mwaloni Kibirizi utakuta vichanja vitupu, lakini sokoni dagaa wakavu hawaishi kabisa, kwa sababu kuna walioweka magunia stoo. Namba za swali lako ni za zoezi tu, ila hali inayoelezwa tunaijua.

Sasa simama sokoni asubuhi bei ikiwa bado 12. Wauzaji wako tayari kutoa kilo 180. Wanunuzi wanataka 360, maana kwao hakuna kilichobadilika. Pengo ni kilo 180. Mama muuzaji akiona watu wanagombania fungu la mwisho kabla ya saa nne, hahitaji kusoma uchumi: kesho anapandisha. Akipandisha shilingi elfu moja, wanunuzi wanapunguza kilo 20 (ile 20 iliyo mbele ya P kwenye uhitaji), na wenye magunia wanatoa kilo 40 zaidi (ile 40 ya kwenye ugavi). Kwa hiyo kila elfu moja inaziba kilo 60 za pengo. Pengo la 180 linazibwa na elfu tatu. Bei mpya ni 15.

Kwa milinganyo:

```
Qs mpya = −120 − 180 + 40P = −300 + 40P
600 − 20P = −300 + 40P
900 = 60P
P = 15,  Q = 300
```

Angalia zile 180 zimekwenda wapi. Kilo 120 zimerudi sokoni kwa sababu bei nzuri imewafanya wenye mzigo wafungue stoo. Kilo 60 ndizo zilizopotea kweli, na zimepotea kwa sababu kuna waliosema elfu kumi na tano siiwezi, leo tule maharage. Ndiyo maana mauzo yameshuka kutoka 360 hadi 300, siyo hadi 180.

Na usije ukaandika kwenye mtihani kwamba "uhitaji umepungua". Wanafunzi wengi huteleza hapo, halafu wanaendelea: uhitaji ukipungua bei inashuka, bei ikishuka uhitaji unapanda, mwisho wanazunguka hawajui watokee wapi. Mkunjo wa uhitaji haujasogea hata kidogo. Wanunuzi wametembea juu ya mkunjo uleule, kutoka bei 12 hadi 15. Kilichohama ni mkunjo wa ugavi peke yake. Andika "kiasi kinachohitajiwa kimepungua".

Jibu lako la kilo 180 lingeweza kuwa sahihi katika hali moja: kama hakuna bei yoyote inayoweza kuongeza dagaa siku hiyo. Fikiria dagaa wabichi. Waliovuliwa usiku ndio hao, mchana hakuna mtu atakayerudi ziwani kwa sababu bei imepanda, na bila barafu hawalali. Ugavi wa namna hiyo ni mstari wima. Ukiwa 180 tu, wanunuzi peke yao ndio wa kuziba pengo, kilo 20 kwa kila elfu, kwa hiyo bei inapanda elfu tisa hadi 21. Hakiki: 600 − 20 × 21 = 180. Kwa hiyo hata hapo, kilo 180 haziwezi kukaa na bei 12. Ukipata jibu lolote, liingize kwenye milinganyo yote miwili. 12 ikiingia kwenye uhitaji inatoa 360, kwenye ugavi mpya inatoa 180. Hazifanani, basi soko halijatulia.

Kuna mtego mwingine ambao mtunga mitihani mjanja anaupenda. Badala ya "umepungua kilo 180 katika kila bei", anaandika "umepungua kwa nusu katika kila bei". Kwenye bei 12 ni kitu kilekile, nusu ya 360 ni 180. Lakini jibu ni tofauti, kwa sababu sasa unagawa mlinganyo wote wa ugavi kwa mbili:

```
Qs = −60 + 20P
600 − 20P = −60 + 20P
P = 16.5,  Q = 270
```

Kwa nini bei imepanda zaidi? Fikiria nusu ya wenye magunia wameondoka kabisa sokoni. Waliobaki hawawezi kuitikia bei kwa nguvu ile ya zamani. Kila elfu moja inaleta kilo 20 badala ya 40. Pengo ni lilelile 180, ila linazibwa kilo 40 kwa kila elfu, si 60. Kwa hiyo ukiulizwa ugavi ukipungua bei itapanda kiasi gani, ukubwa wa pengo peke yake hautoshi. Pengo lilelile limetupa 15, 16.5 na 21.

Jambo dogo ambalo wafanyabiashara wanalijua: kabla ya mabadiliko mauzo yote yalikuwa 12 × 360, yaani shilingi 4,320,000 kwa siku. Baada yake ni 15 × 300, yaani 4,500,000. Kilo zimepungua, pesa imeongezeka. Ila inaishia hapohapo. Bei ya 16.5 inaleta 4,455,000, na ya 21 inaleta 3,780,000, kwa sababu kuanzia 15 wanunuzi wanakimbia haraka kuliko bei inavyopanda. Na pesa hiyo ni ya mwenye stoo. Mvuvi aliyefunga mtumbwi hapati kitu humo.

Ukichora, bei weka kwenye mhimili wima, na usogeze ugavi kwenda kushoto kilo 180. Ukipima kwa kwenda juu utaona mkunjo mpya uko elfu 4.5 juu ya wa zamani (180 gawa kwa 40). Usishtuke kwamba bei imepanda elfu 3 tu. Kwenye bei 16.5 wauzaji wangetoa tena kilo zao 360, lakini wanunuzi wangetaka 270 tu, kwa hiyo bei haiwezi kukaa pale.