Makhalifa wawili, kadi mbili

"Natembeza wageni Mji Mkongwe. Nikiulizwa habari za Sultani Khalifa, mambo ya mmoja yanaingia kwa mwengine. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, usiseme "Khalifa" peke yake, mtaje na baba yake. Khalifa bin Said alitawala 1888 hadi 1890, Khalifa bin Haroub 1911 hadi 1960. Kila mmoja mwandikie kadi yake, miaka ya utawala juu kabisa, na kila habari iwe na mwaka. Mwaka ukitoka nje ya miaka ile, habari si yake.

Mimi niliwahi kumpa bin Said vita vya 27 Agosti 1896, naye keshafariki miaka sita nyuma! Vile ni vya Khalid bin Barghash, majina yalinivuta. Habari isiyo na mwaka usimwambie mgeni, kaiulizie kwanza Nyaraka za Taifa, Kilimani.