Tafuta Masikio Yako Kwenye Picha

Swali la wiki: "Kwenye kioo najipenda. Nikijipiga selfi, pua inapanuka na uso unarefuka. Nikijiona kwenye video, mdomo umeenda upande na sijitambui. Uso wangu wa kweli ni upi?" – Msomaji wa kike, Umoja, Nairobi

Dada yangu, nina studio ndogo ya picha ghorofani, karibu na River Road, na maneno hayo nayasikia kwa wateja kila mara. Nitaanza na selfi, kwa sababu ndiyo inayowaumiza watu zaidi, na kosa lake unaweza kulipima mwenyewe kwa utepe wa fundi cherehani.

Majuzi alikuja binti wa miaka ishirini na kitu, ameandamana na mama yake. Alikuwa na selfi tatu kwenye simu na alitaka nimpunguzie pua kwa kompyuta. Tulipokuwa tukizungumza akasema ameshaanza kuulizia bei ya upasuaji. Mama yake alikuwa ameketi pale kwenye benchi, akainamisha kichwa. Nikamwambia binti tuahirishe kompyuta kidogo, anipe simu yake.

Nilimpiga picha mbili kwa simu hiyohiyo, kamera ya nyuma, bila kuvuta zumu. Ya kwanza nilisimama sentimita 30 kutoka ncha ya pua yake, umbali wa mtu anayejipiga selfi huku amekunja kiwiko. Ya pili nilirudi nyuma hadi mita moja na nusu. Katika hiyo ya pili uso ulitoka mdogo, kwa hiyo niliikata pembeni na kuikuza mpaka uso ukawa na upana sawa na wa picha ya kwanza. Kisha nikaziweka pamoja kwenye skrini na kumpa rula. Katika picha zote mbili uso ulikuwa na upana wa milimita 80 kwenye mifupa ya mashavu. Pua ilikuwa milimita 24 katika picha ya mbali, na milimita 28 katika picha ya karibu. Ni pua ileile, dakika ileile, simu ileile.

Sababu yake utaiona ukiwa stejini. Simama karibu kabisa na matatu, uso wako ukielekea taa za mbele. Taa na bampa zitaonekana kubwa mno, na sehemu ya nyuma ya gari itakuwa imejificha kabisa. Vuka barabara uitazame tena na gari litarudi katika umbo lake. Hakuna kilichobadilika kwenye gari. Ulipokuwa karibu, mbele palikuwa karibu nawe mara nyingi kuliko nyuma. Ulipokwenda mbali, urefu wa gari ukawa kitu kidogo ukilinganisha na safari ya macho yako hadi pale.

Uso nao una mbele na nyuma. Kutoka ncha ya pua hadi usawa wa masikio ni kama sentimita 12. Simu ikiwa sentimita 30 kutoka kwenye pua, masikio yako sentimita 42. Gawanya 42 kwa 30 upate 1.4: kitu kilicho kwenye ncha ya pua kinachorwa kikubwa mara 1.4 kuliko kitu cha ukubwa uleule kilicho kwenye usawa wa masikio. Simu ikirudi hadi sentimita 150, masikio yako 162, na hesabu inashuka hadi 1.08. Mabawa ya pua yako nyuma kidogo ya ncha, nayo mifupa ya mashavu iko mbele kidogo ya masikio, ndiyo maana rula yetu ilionyesha ongezeko dogo kuliko la hesabu hii. Mwaka 2018 daktari wa upasuaji Boris Paskhover, wa Chuo Kikuu cha Rutgers huko Marekani, pamoja na wenzake walitoa hesabu ya namna hii kwa kutumia vipimo vya nyuso. Walipata kuwa katika picha ya inchi 12, yaani kama hizo sentimita 30, pua huonekana pana zaidi kwa takriban asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka futi 5. Alilifuata jambo hilo kwa kuwa wagonjwa walikuwa wakimwonyesha selfi na kumwomba awapunguzie pua.

Kuna alama ya kukutambulisha picha iliyopigwa karibu mno hata kama hukuwapo: tafuta masikio. Katika picha ya karibu ya binti yule, masikio yalikuwa yamejificha karibu yote nyuma ya mashavu, na uso ukawa kama umebanwa pembeni. Huko ndiko kurefuka unakokusema. Katika picha ya mbali masikio yalikuwa wazi, yote mawili. Yakipotea wakati nywele hazijayafunika, ujue kamera ilikuwa karibu.

Wengi huilaumu lenzi ya simu, na hata sisi wapiga picha tunalisema hilo kwa haraka. Lenzi pana hukuruhusu tu usogee karibu na bado uso wote uingie. Umbo la uso linaamuliwa na mahali kamera iliposimama, ndiyo maana picha ya simu iliyopigwa kutoka mbali kisha ikakatwa ilitoka vizuri. Pahali lenzi pana inapokosea yenyewe ni pembeni mwa fremu. Kwenye picha ya familia nzima, yule aliyesimama mwisho wa mstari hutolewa mnene kuliko alivyo. Usimwache shangazi yako asimame pale.

Sasa kioo. Taswira yako huonekana kama imesimama nyuma ya kioo, umbali uleule uliosimama wewe mbele yake. Ukiwa sentimita 50 kutoka kioo, unajitazama kutoka sentimita 100. Lijaribu hili bafuni kioo kikishika mvuke. Fumba jicho moja, na kwa kidole uchore duara la uso wako juu ya kioo, kutoka kidevuni hadi utosini, kisha upime. Utapata nusu ya urefu halisi wa kichwa chako. Rudi nyuma hatua mbili na uso bado utajaa palepale kwenye mchoro. Ni nusu siku zote, kwa sababu kioo kimesimama katikati ya jicho lako na yule mtu wa nyuma yake.

Kwa hiyo kioo kinakuonyesha kutoka mita moja hivi, na hesabu ya pua na masikio inakuwa 1.12, karibu sana na ile ya mita moja na nusu. Huo ndio umbali ambao watu hukuona mkizungumza kazini, kanisani au sokoni. Upande wa umbo, basi, kioo chako hakikudanganyi. Selfi ya kiwiko kilichokunjwa inakuonyesha jinsi anavyokuona mtoto uliyempakata, na hata yeye ana macho mawili na anakuona ukigeuka, wakati kamera ina jicho moja lililotulia.

Kioo kinakosea pahali pengine: kinakuonyesha umegeuzwa. Baka lililo kwenye shavu lako la kulia unalizoea likiwa upande wa kulia wa taswira, lakini anayekutazama usoni analiona upande wake wa kushoto. Hakuna uso wenye pande mbili sawasawa. Tuseme mdomo wako umeelekea kulia milimita 2 tu. Kwa miaka yote umeuzoea hivyo kwenye kioo, hata hauuoni tena. Picha isiyogeuzwa ikija, mdomo unakuwa upande wa pili milimita 2, na jicho lako linahesabu milimita 4 kutoka pale lilipouzoea. Rafiki zako hawaoni kilichopinda, maana huo ndio mdomo waliouzoea wao.

Kwenye video mambo haya yanakutana. Unapozungumza na mtu kwa video, picha yako ndogo huwa imegeuzwa kama kioo, lakini yeye anakuona kawaida. Rekodi ikichezwa baadaye inakuja bila kugeuzwa, na ndipo mdomo "unapoenda upande". Kwenye Zoom utaona `Mirror my video`, na hiyo inabadilisha unachokiona wewe peke yako. Kwenye aifoni, `Mirror Front Camera` huamua selfi ihifadhiwe imegeuzwa au la. Ukiwa na shaka, soma maandishi ya fulana yako. Yakisomeka kinyume, picha imegeuzwa.

Halafu video ina jambo ambalo kioo hakiwezi kukupa kamwe. Mbele ya kioo daima unajitazama machoni, na uso umeutuliza kabla hujafika. Hujawahi kujiona ukimsikiliza mtu, ukitafuta neno, ukicheka kwa kitu ulichoambiwa ghafla. Misogeo hiyo ni migeni kwako peke yako. Kuhusu mwanga nitasema kidogo tu: hapa Nairobi jua la saa sita, hasa Machi na Septemba, hukaa karibu moja kwa moja utosini, na kivuli chake hujaa kwenye macho na chini ya pua. Usihukumu uso wako kwa picha ya saa hiyo.

Ukitaka kujiona bila kugeuzwa, chukua vioo viwili vidogo visivyo na fremu, uviunganishe kama kitabu kilichofunguliwa kwa pembe ya mraba, kisha utazame pale vinapokutana. Inua mkono wa kulia na taswira itainua ule wa upande wa pili, kama mtu aliyesimama mbele yako. Ukitaka picha, weka simu kwenye rafu, usawa wa macho, mita moja na nusu kutoka ulipo. Tumia kamera ya nyuma na saa ya sekunde 10, kisha ukate pembeni. Usiitumie lenzi ya `0.5x`.

Nirudi kwa yule binti. Mwaka 1977, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Milwaukee, Mita, Dermer na Knight waliwaonyesha wanawake picha zao mbili, moja ya kawaida na moja iliyogeuzwa. Wenye nyuso zao walielekea kupenda iliyogeuzwa, na rafiki zao wakapenda ya kawaida. Nilimfanyia hivyo yeye na mama yake. Niliichapa ile picha ya mita moja na nusu mara mbili, nikageuza moja, nikawauliza kila mmoja kando, bila kuwaambia tofauti. Binti alichukua iliyogeuzwa, akasema ndiyo iliyotoka vizuri. Mama alitazama zote mbili kwa muda, akaishika ya kawaida, akasema, "Huyu ndiye wangu. Huyo mwingine anamfanana tu."