PS4 ya mtumba: anza na akaunti, kufuta kufuate

Wewe unayeanza kazi ya kununua na kuuza PS4 za mtumba, jambo la kwanza kulielewa ni hili: gemu iliyopakuliwa mtandaoni si mali ya mashine. Leseni yake iko kwenye akaunti ya aliyeilipia. Wengine wanaotumia mashine hiyo wanaicheza kwa sababu mwenye akaunti ameifanya kuwa PS4 yake kuu, ile inayoandikwa `Primary PS4`, na kila akaunti inaruhusiwa mashine kuu moja tu.

Sasa chukua mteja anayekuletea PS4 Slim ya GB 500 na kudai bei ya juu kwa sababu "ina gemu kibao ndani". Usibishane naye. Unganisha mashine kwenye intaneti, fungua mtumiaji mpya kwa akaunti yako ya majaribio, kisha jaribu kuwasha mojawapo ya gemu hizo. Itafunguka vizuri tu. Halafu mwombe aingie kwake, aende `Settings`, `Account Management`, `Activate as Your Primary PS4`, abonyeze `Deactivate`. Rudi kwa mtumiaji wako uangalie zile picha za gemu: zimeota kufuli dogo. Hilo ndilo ambalo lingemkuta mnunuzi wako siku muuzaji akinunua mashine nyingine na kuifanya kuu, na ungekuwa wewe wa kupigiwa simu. Kwa hiyo gemu za kupakua zihesabu sifuri. Za diski zina thamani, mradi diski zenyewe ziwe mkononi.

Kuna wauzaji watakaokusihi usiingize mashine mtandaoni, au "usikubali apdeti". Mara nyingi hiyo imevunjwa ulinzi na gemu zake ni za wizi. Ukiisasisha zinaacha kufanya kazi, usipoisasisha haiingii PSN. Mimi sizinunui, ingawa wenzangu wengi wananunua.

Ukiwa upande wa kuuza, mpangilio ni uleule: akaunti kwanza, kufuta baadaye. Nakili kwanza sevu zako kwenye flashi kupitia `Application Saved Data Management`, kisha ondoa mashine kuu kama nilivyoeleza. Ukifuta kabla ya kufanya hivyo, akaunti yako inaweza kubaki ikiitambua mashine ambayo huna tena. Dawa yake ni kuingia kwenye akaunti kupitia tovuti na kuchagua `Deactivate All Devices`, ila nafasi hiyo hutolewa mara moja tu kila miezi 6.

Kufuta kwenyewe kuko `Settings`, `Initialization`, `Initialize PS4`. Hapo utaulizwa `Quick` au `Full`. `Quick` huisha upesi, lakini mtu mwenye programu maalumu anaweza kufukua yaliyokuwemo. `Full` huchukua saa kadhaa, na umeme haupaswi kukatika katikati. Kama mtaani kwenu umeme hukatika ovyo, tafuta UPS au subiri usiku uliotulia. Mashine iliyozimika katikati ya kazi hii inaweza kugoma kuwaka kawaida, ukalazimika kuiwekea upya programu nzima kwa flashi.

Muuzaji akisema amesahau nywila, mashine bado inafutika. Izime kabisa, shikilia kitufe cha kuwasha mpaka usikie mlio wa pili, unganisha pedi kwa waya wa USB, na utaona menyu ya `Safe Mode`. Namba 6 ni `Initialize PS4`, na haiulizi nywila ya mtu. Ndiyo maana mashine safi haithibitishi kwamba anayeiuza ni mwenyewe: hata mwizi anaweza kubonyeza namba 6. Dai boksi lenye namba ya mashine inayolingana na iliyo kwenye stika, au risiti. Asiye na chochote na pia hawezi kuingia kwenye akaunti yake, mwache aende.

Kitu kimoja kufuta hakukiondoi: marufuku ya PSN iliyowekwa kwenye mashine yenyewe. Hiyo iko kwa Sony, haiko kwenye hadi diski. Njia ya kuigundua ni kuingia PSN kwa akaunti yako baada ya kufuta. Akaunti ikikataliwa hapo huku inakubali kwenye mashine nyingine, tatizo ni mashine.

Malizia kwa kuingiza diski ya gemu, si ya filamu tu. Bodi ya kisoma diski imefungamanishwa na bodi kuu tangu kiwandani, na fundi akiweka ya mashine nyingine, diski za gemu hukataliwa. Gemu ikifunguka na pedi zikijibu, ondoa mtumiaji wako wa majaribio, kisha ndipo mzungumze bei.