MAPE inapoupa ushindi utabiri mbovu

Wewe unayeanza kazi ya kutabiri mauzo, kabla hujaamini MAPE, ile asilimia ya makosa iliyoandikwa chini ya ripoti, piga hesabu hii kwa mkono. Ni cheni za pikipiki zilizouzwa katika duka la vipuri kwa wiki tano, pamoja na tabiri mbili. Wiki ya tatu mvua ilikata barabara, ikauzwa cheni moja tu.

```
halisi = [10, 8, 1, 12, 9]
A      = [ 9, 9, 5, 10, 9]
B      = [ 5, 5, 2,  6, 5]
```

Makosa ya A, bila kujali yalizidi au yalipungua, ni 1, 1, 4, 2 na 0. Wastani wake, yaani MAE, ni cheni 1.6. B anakosea kwa cheni 3.8. RMSE huzidisha kila kosa kwa lenyewe, hutafuta wastani, kisha kipeuo cha pili, kwa hiyo kosa kubwa huadhibiwa zaidi. Hata hapo A ana 2.1 na B ana 4.2. Mwenye duka akimfuata B, atakosa cheni karibu kila wiki.

Sasa MAPE: gawa kila kosa kwa mauzo halisi ya wiki ile, kisha tafuta wastani. A anapata 88%, B anapata 56%. Mshindi amegeuka! Chanzo ni wiki ya mvua peke yake: kosa la cheni 4 likigawanywa kwa 1 ni 400%, na linazimeza wiki nne ambazo A alikaribia kabisa.

Kuna upendeleo mwingine humo. Ukitabiri pungufu, kosa haliwezi kupita 100%, kwa sababu hakuna utabiri wa chini ya sifuri. Ukitabiri zaidi, halina kikomo. Ndiyo maana ukichagua modeli kwa MAPE, mara nyingi utabaki na ile inayotabiri kidogo.

Wiki ile ingekuwa sifuri kamili, hesabu isingekuwepo. Maktaba ya Python iitwayo scikit-learn hugawa kwa namba ndogo mno badala ya sifuri, kwa hiyo `mean_absolute_percentage_error` ya A ingerudisha namba yenye tarakimu 16. Hiyo angalau utaishtukia. Hatari zaidi ni programu inayoziruka wiki za sifuri kimyakimya, kwa hiyo hesabu safu zilizoingia kwenye wastani.

Bosi akitaka asilimia, jumlisha makosa yote na uyagawe kwa jumla ya mauzo. A ni 8 kwa 40, yaani 20%, na B ni 47.5%. Hiyo huitwa WAPE. Lakini bidhaa ikikosa mnunuzi katika zaidi ya nusu ya wiki zote, hata MAE na WAPE hupendelea anayetabiri sifuri daima, maana huvutwa na namba ya katikati. Kwa bidhaa hizo mimi huangalia RMSE, ambayo hufuata wastani.